Mchoro wa seli ya mmea na seli ya mnyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimesahihisha michoro ya seli kwa miaka mingi, na makosa ninayokutana nayo ni yaleyale. Maswali haya ndiyo wanafunzi huuliza baada ya kurudishiwa daftari. Majina hutofautiana kidogo kutoka kitabu hadi kitabu: mmoja husema utando wa seli, mwingine kiwambo, mmoja kiini, mwingine nyukliasi. Chagua moja ulitumie hadi mwisho. Hapa natumia utando na kiini.

Nikiambiwa "chora seli ya mmea na seli ya mnyama", nichore seli gani hasa?

Swali zuri, kwa sababu seli iliyo kwenye mchoro wa kitabu haipo popote duniani. Mchoro ule umekusanya pamoja sehemu zinazopatikana kwenye seli nyingi, ukazipanga zionekane vizuri. Ni kama picha ya "nyumba" anayochora mtoto: ina mlango, madirisha mawili na paa, lakini hakuna anayeishi ndani yake.

Kwa hiyo unapochora, shika kichwani seli mbili za kweli. Kwa upande wa mmea, chukua seli ya jani, ile ndefu iliyosimama wima chini kidogo ya ngozi ya juu ya jani. Ina kila kitu ambacho mtahini anakitafuta: ukuta, kloroplasti, vakuoli kubwa, kiini. Kwa upande wa mnyama, chukua seli ya ini. Ina kiini cha wazi, mitokondria tele na haina umbo la ajabu kama seli ya neva. Ukizishika hizo mbili, maswali mengi yanajijibu yenyewe, mathalani kwa nini kloroplasti ziwe nyingi au kwa nini umbo la seli moja lina pembe na la nyingine halina.

Nianze kuchora wapi?

Anza na mpaka wa nje, kwa penseli iliyochongwa, kwa mstari mmoja usiokatika. Mistari ya nywele nywele iliyopitiwa mara tano humfanya msahihishaji ashindwe kujua kama umechora ukuta, utando au wasiwasi wako.

Seli ya mmea: chora mstatili wenye pembe zilizolainika kidogo. Huo ni ukuta, nao una unene, kwa hiyo uchore kwa mistari miwili iliyo karibu karibu. Ndani yake, ukigusa kabisa mstari wa ndani, chora mstari mwingine mmoja: huo ndio utando. Jumla ni mistari mitatu. Kisha weka vakuoli moja kubwa katikati, ichukue zaidi ya nusu ya nafasi. Saitoplazimu itabaki kama ukanda mwembamba unaozunguka, na humo ndimo kiini na kloroplasti zinabanwa. Ndiyo maana kiini cha seli ya mmea huchorwa pembeni. Vakuoli imekisukuma. Wanaokichora katikati ya vakuoli, kikielea kama kiini cha yai, wamekiweka mahali ambapo hakiwezi kukaa peke yake.

Seli ya mnyama: mstari mmoja tu wa nje, wenye umbo lolote la mviringo usio kamili. Kiini karibu na katikati. Basi.

Usitie kivuli na usipake rangi ili kupendezesha. Ukihitaji kuonyesha kitu ni cheusi au kizito, weka vidoto.

Sehemu zipi zimo kwenye seli zote mbili?

Utando wa seli, saitoplazimu, kiini, mitokondria, ribosomu, retikulamu ya endoplazimu na mwili wa Golgi. Orodha hii huwashangaza wengi kwa jina moja: mitokondria. Nitairudia baadaye.

Zilizo kwenye mmea lakini hazipo kwenye mnyama ni tatu: ukuta wa selulosi, kloroplasti, na vakuoli kubwa ya kudumu. Maneno "kubwa ya kudumu" yana uzito wake. Seli za mnyama zinaweza kuwa na vakuoli ndogo za muda, kwa hiyo ukiandika tu "mnyama hana vakuoli" unaweza kukosa alama.

Kazi za sehemu hizi nazisahau kila mara. Kuna njia ya kuzielewa badala ya kukariri?

Fuata kitu kimoja kinachotengenezwa ndani ya seli, tangu kinapoagizwa hadi kinapotoka. Tuchukue seli ya kongosho inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga protini tumboni, yaani kile kinachomwagwa kwenye utumbo mdogo.

Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho yameandikwa kwenye DNA, na DNA imetunzwa ndani ya kiini. DNA yenyewe haitoki. Kinachotoka ni nakala fupi ya sehemu inayohitajika, inayopita kwenye vitundu vya utando wa kiini na kuingia saitoplazimu. Hapo inakutana na ribosomu. Ribosomu husoma nakala na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, hadi mnyororo wa protini unakamilika. Kazi ya ribosomu ni hiyo tu: kutengeneza protini.

Ribosomu zilizopewa kazi ya kutengeneza protini ya kupelekwa nje hukaa zimebandikwa juu ya retikulamu ya endoplazimu, ambayo ni mtandao wa vifuko bapa na mirija iliyoshikana na utando wa kiini. Kwa sababu ya vidoto hivyo vya ribosomu, sehemu hiyo huitwa retikulamu yenye mikwaruzo. Sehemu isiyo na ribosomu huitwa laini, nayo hushughulika zaidi na mafuta. Protini ikishatengenezwa huingia ndani ya mtandao, hukunjwa katika umbo lake, kisha hukatiwa kifuko kidogo na kupelekwa kwenye mwili wa Golgi.

Mwili wa Golgi huonekana kama rundo la sahani bapa zilizopinda. Hapo protini hufanyiwa marekebisho, hupangwa kulingana na inakokwenda, na kufungashwa kwenye vifuko vingine. Vifuko hivyo husafiri hadi kwenye utando wa seli, hujiunga nao, na kumwaga mzigo nje. Safari yote hiyo inahitaji nishati, na mitokondria ndizo zinazoitoa.

Ukiisimulia safari hiyo mara mbili tatu kwa sauti, umeshajua kazi ya kiini, ribosomu, retikulamu, mwili wa Golgi, utando na mitokondria, na umezijua kwa mpangilio. Njia hii haikubuniwa darasani. George Palade na wenzake waliifuatilia hasa kwenye seli za kongosho, na mwaka 1974 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na Christian de Duve.

Ukuta na utando wa seli si kitu kimoja?

Sivyo, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Angalia jibu hili, ambalo nimelisoma kwa namna mbalimbali mara nyingi sana: "Ukuta wa seli hulinda seli na huchagua vitu vya kuingia na kutoka." Nusu ya kwanza ni sahihi. Nusu ya pili ni kazi ya utando.

Ukuta umesukwa kwa nyuzi za selulosi, na una matundu makubwa kwa kipimo cha molekuli. Maji, chumvi na sukari hupita bila kuulizwa. Kazi yake ni kushikilia umbo na kuzuia seli isipasuke. Utando, uliotengenezwa kwa mafuta na protini, ndio wenye mlango: huruhusu hiki, huzuia kile. Seli zote mbili zina utando. Ya mmea imeongezewa ukuta kwa nje.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, fanya jaribio hili. Chukua kitunguu chekundu, ubandue ngozi nyembamba kutoka upande wa nje, wenye rangi, wa gamba nene la ndani, uweke kwenye kioo cha hadubini na tone la maji. Utaona vijumba vilivyojaa zambarau hadi kwenye kuta. Sasa ondoa yale maji kwa karatasi inayonyonya na uweke badala yake maji ya chumvi, gramu 5 za chumvi kwenye mililita 100 za maji. Subiri dakika chache. Ile zambarau itaanza kujikunja, itaachana na kuta, na mwishowe itabaki kama mfuko mdogo uliojitenga katikati ya kijumba. Kuta zenyewe hazijasogea.

Kilichotokea ni kwamba maji yametoka ndani ya seli kwa osmosisi kwenda kwenye chumvi. Rangi imo ndani ya vakuoli, kwa hiyo unapoona zambarau ikipungua unaiona vakuoli ikipoteza maji. Na ukingo wa nje wa kile kilichonywea ndiko uliko utando, ambao hapo awali hukuweza kuutofautisha kwa sababu ulikuwa umegandamizwa kwenye ukuta. Ukirudisha maji safi mapema, seli hujaa tena.

Swali la mtego linalofuata jaribio hili: ile nafasi kati ya ukuta na utando uliojikunja ina nini? Wengi huandika "hewa" au "hakuna kitu". Ina maji ya chumvi. Ukuta umeyapitisha, utando umezuia chumvi. Jibu hilo moja linaonyesha kama mtu ameelewa tofauti ya viwili hivyo.

Vakuoli ni nafasi tupu?

Kwenye mchoro inaonekana tupu kwa sababu hatuchori kitu ndani yake. Kwa kweli imejaa maji yenye sukari, chumvi, asidi na wakati mwingine rangi, kama ulivyoona kwenye kitunguu.

Kazi yake kubwa haiwezi kuelezwa bila ukuta. Vakuoli yenye chumvi na sukari huvuta maji ndani, hivyo huvimba na kusukuma saitoplazimu dhidi ya ukuta. Ukuta nao hukataa kutanuka. Msukumano huo ndio unaoufanya mmea mchanga usiokuwa na mbao usimame wima. Shinikizo la ndani linaweza kufika mara mbili au tatu ya lile la tairi la gari dogo, jambo ambalo sikuliamini nilipolisoma mara ya kwanza. Maji yakipungua, shinikizo linashuka na majani yananyong'onyea, ingawa hakuna seli hata moja iliyovunjika.

Sasa iweke seli nyekundu ya damu kwenye maji yaliyosafishwa. Nayo huvuta maji, lakini haina ukuta wa kuizuia. Inavimba, utando unashindwa, inapasuka. Seli ya mmea katika maji hayohayo inakuwa ngumu tu.

Vakuoli pia hutunza akiba na taka, na huvunjavunja sehemu za seli zilizochakaa. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayofanywa na lisosomu kwenye seli ya mnyama.

Kama mmea una kloroplasti, mitokondria ni za nini?

Watu hufikiri oganeli hizi mbili ni mbadala: mmea umepewa moja, mnyama nyingine. Lakini kazi zao ni tofauti kabisa. Kloroplasti hutumia mwanga kutengeneza sukari kutokana na maji na kaboni dayoksaidi, yaani usanisinuru. Mitokondria hutumia oksijeni kuvunja sukari na kutoa nishati iliyomo, na kuiweka kwenye molekuli ndogo iitwayo ATP ambayo seli inaweza kuitumia papo hapo. Moja inapika, nyingine inakula.

Mmea unahitaji zote mbili. Usiku hakuna mwanga, lakini seli za jani bado zinaishi. Mizizi iko gizani daima. Zote hutegemea mitokondria.

Kwa hiyo usiandike "mitokondria hutengeneza nguvu". Nishati haitengenezwi hapo. Ilikuwa ndani ya chakula tangu mwanzo. Andika: ni mahali ambapo upumuaji wa seli unaotumia oksijeni hufanyika na nishati hutolewa kwenye chakula. Wingi wa mitokondria nao una maana. Seli moja ya ini ina kama elfu moja hadi elfu mbili, kwa sababu ini hufanya kazi nyingi mfululizo. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa ya binadamu haina hata moja, na kiini pia haina. Imetoa kila kitu ili kupata nafasi ya hemoglobini.

Basi kila seli ya mmea ina kloroplasti?

Hapana. Kloroplasti ziko pale ambapo mwanga unafika na kazi ya usanisinuru inafanyika, hasa kwenye majani na mashina mabichi. Seli za mzizi hazina. Seli za kitunguu, ambazo ndizo karibu kila darasa huzitazama, hazina pia. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayetazama kitunguu kwenye hadubini kisha anachora madoa ya kijani kwa sababu kitabu kimesema mmea una kloroplasti. Kama swali linasema "chora ulichokiona", chora ulichokiona. Kama linasema "chora seli ya mmea", chora ile ya jani, na kloroplasti ziwemo.

Mbona kwenye hadubini sikuona mitokondria wala ribosomu?

Hukukosea. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya takribani mikromita 0.2, hata uongeze lenzi kiasi gani. Mikromita 1 ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Ribosomu ina upana wa nanomita 25 hivi, yaani mikromita 0.025, kwa hiyo iko chini kabisa ya kikomo hicho. Utando una unene wa nanomita kama 8. Mitokondria ina upana wa karibu mikromita 1; inaweza kuonekana kwa rangi maalumu na hadubini nzuri, lakini kwa ile ya darasani utaona chembechembe tu, kama utaona.

Ulichotakiwa kukiona kwenye kitunguu kilichotiwa iodini ni ukuta, saitoplazimu, kiini, na labda mpaka wa vakuoli. Kwa seli za mnyama: mpaka wa nje, saitoplazimu na kiini.

Historia ya mwili wa Golgi inaonyesha jambo hili vizuri. Camillo Golgi aliueleza mwaka 1898 baada ya kutia seli za neva rangi yenye fedha. Kwa miongo kadhaa baadhi ya wanasayansi walidai kwamba ni uchafu uliotokana na rangi yenyewe. Hadubini ya elektroni, iliyoanza kujengwa Ujerumani mwaka 1931, ndiyo iliyomaliza ubishi miaka ya 1950.

Ndiyo maana kuna michoro ya aina mbili, na ni lazima ujue unaulizwa upi. Mchoro wa hadubini ya mwanga hauna ribosomu, retikulamu wala mwili wa Golgi. Mchoro wa hadubini ya elektroni unazo. Kuchanganya, yaani kuandika "kama ilivyoonekana kwa hadubini ya mwanga" kisha ukaweka ribosomu, ni kosa.

Ukubwa wa sehemu kwenye mchoro una maana yoyote, au nichore ninavyotaka?

Una maana, na hesabu yake ni nyepesi. Kanuni ni:

ukuzaji = urefu wa mchoro ÷ urefu halisi

Tuseme seli ya jani ina urefu wa mikromita 60 na umeichora kwa milimita 120. Kwanza geuza vipimo viwe sawa: mikromita 60 ni milimita 0.06. Gawanya 120 kwa 0.06 unapata 2000. Andika chini ya mchoro: ×2000. Kosa la kawaida ni kugawanya 120 kwa 60 na kuandika ×2, kana kwamba seli ina urefu wa sentimita sita.

Sasa tumia 2000 hiyo kwa sehemu za ndani. Kloroplasti yenye mikromita 5 itakuwa milimita 10 kwenye karatasi. Kiini chenye mikromita 8 kitakuwa milimita 16. Mitokondria yenye upana wa mikromita 1 itakuwa milimita 2, kwa hiyo mitokondria iliyochorwa kubwa kuliko kloroplasti si sawa. Ukuta wenye unene wa nusu mikromita unapata milimita 1, na hapo ndipo mistari miwili inapofaa. Lakini ribosomu inatoka milimita 0.05, na utando milimita 0.016. Mstari wa penseli yenyewe una kama nusu milimita. Maana yake, utando kwenye mchoro wako umenenepeshwa zaidi ya mara thelathini, na kidoto cha ribosomu mara kumi. Hakuna njia nyingine, na hakuna atakayekulaumu.

Na seli ya ini, yenye mikromita 25 hivi? Kwa ukuzaji huohuo ingekuwa milimita 50, chini ya nusu ya urefu wa seli ya jani. Vitabu huzichora sawa kwa sababu ya nafasi. Ukifanya hivyo, kila mchoro uandikiwe ukuzaji wake.

Majina yaandikwe vipi?

Mstari wa kuelekeza upigwe kwa rula, usiwe na kichwa cha mshale, na ncha yake iguse hasa kitu kinachotajwa. Nakazia neno "iguse". Mstari unaoishia milimita tatu kabla ya utando umeelekeza kwenye saitoplazimu, na msahihishaji hana ruhusa ya kukisia ulichokusudia. Kwa saitoplazimu na vakuoli, ambazo hazina umbo la kugusa, ncha iishie ndani ya eneo lenyewe.

Mistari isikatane. Majina yote yakae nje ya mchoro, ikiwezekana upande mmoja, yameandikwa kwa mlalo. Kichwa cha mchoro kiseme ni seli gani: "Mchoro wa seli ya jani" kina maana zaidi ya "Seli".

Kwa mpaka wa seli ya mmea, tumia mistari miwili tofauti: mmoja unaoishia katikati ya mistari miwili ya ukuta, mwingine unaoishia kwenye mstari wa ndani kabisa wa utando. Kama umechora mstari mmoja tu wa nje, huwezi kutaja vyote viwili.

Sentrioli na lisosomu ni za mnyama tu?

Kwa kiwango cha sekondari, vitabu vingi huziweka upande wa mnyama, na ukifuata hivyo hutapoteza alama. Undani wake una utata kidogo. Sentrioli, vile vijiti viwili vilivyo karibu na kiini vinavyohusika na mgawanyiko wa seli, hazipo kwenye mimea inayotoa maua, lakini mimea kama kangaga hutengeneza mbegu za kiume zenye mikia ya kuogelea, na humo sentrioli huonekana. Lisosomu, zilizopewa jina na Christian de Duve mwaka 1955, ni vifuko vyenye vimeng'enya vya kuvunjavunja vitu. Kwenye mmea kazi hiyo huchukuliwa zaidi na vakuoli, kama nilivyosema.

Kiini ni "ubongo wa seli"?

Ni mfano unaopotosha. Kiini hakifikiri wala hakipokei taarifa kama ubongo. Kinatunza DNA na kutoa nakala za maelekezo. Ni karibu zaidi na kabati la nyaraka lenye mlinzi. Andika: hutunza taarifa za urithi na kudhibiti shughuli za seli kupitia utengenezaji wa protini.

Nikipewa mchoro usio na majina, nitajuaje ni wa mmea au mnyama?

Tafuta mstari maradufu wa nje kwanza. Huo ndio ushahidi wa kutegemea, kwa sababu kila seli hai ya mmea ya kawaida ina ukuta, hata ya mzizi isiyo na kloroplasti. Vakuoli kubwa iliyosukuma kiini pembeni ni ushahidi wa pili. Kloroplasti zikiwepo, suala limekwisha. Zisipokuwepo, hazikuthibitishii chochote.

Umbo liwe la mwisho kutegemewa. Kuna seli za mnyama zilizobanana hadi zikawa na pembe, na seli za mmea zenye mviringo. Na kama mchoro una ukuta lakini umeambiwa pia kwamba ukuta huo si wa selulosi bali wa kitini, hapo si mmea wala mnyama: ni kuvu.